Maoni ya mwisho wa muhula kwa watoto wa U-13: udhaifu nauandikaje bila kudanganya na bila kumvunja mtoto moyo?

KochaWaJioni
Wakuu, salaam. Nafundisha soka wavulana 22 wa chini ya miaka 13 kwenye kituo kidogo huku Mbagala, mazoezi siku tatu kwa wiki. Muhula unaisha, na tumewaahidi wazazi kwamba kila mtoto ataondoka na kadi ya maendeleo yenye maoni ya kocha. Nimeshaandika kadi 13. Jana usiku nikazisoma zote kwa mkupuo, nikakuta tisa zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti kidogo.

Mfano ni huyu winga wangu wa kulia, tumwite Namba 7:

"Ana kipaji na kasi kubwa. Anajituma mazoezini. Aongeze kujiamini na aboreshe maamuzi. Aendelee hivyo hivyo."

Sijaandika uongo hata mmoja hapo. Lakini mtoto akisoma "aboreshe maamuzi", kesho jioni akifika uwanjani atafanya nini tofauti? Mimi mwenyewe sijui. Nampenda huyu kijana na kuna kitu kinamkwamisha kweli, nataka akijue. Nisaidieni, nimebakiwa na mazoezi mawili tu kabla ya kufunga.

MzeeWaKrosi
Kocha, usijichoshe. Anza na sifa, katikati weka udhaifu, malizia na sifa. Chini yake weka alama kwa kila kipengele: kasi 9, pasi 6, maamuzi 4. Wazazi wetu wamezoea namba za ripoti ya shule, watakuelewa haraka. Ukimaliza zipige picha uzitume kwenye grupu la wazazi ili kila mtu aone hakuna upendeleo. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi na sijawahi kulalamikiwa.

MwalimuNyamagana
Kocha, hongera kwa kuliona mwenyewe. Nafundisha shule ya msingi huku Mwanza na timu ya shule huwa naipeleka UMITASHUMTA, kwa hiyo kadi za aina hii nimeziandika nyingi, na mbaya nimeziandika pia. Usiguse kadi ya Namba 7 kwanza. Nijibu hivi: huyo kijana anapoteza mpira sehemu gani ya uwanja? Anapoupokea, kifua chake kinatazama wapi? Beki anayemkaba anakuwa amesimama upande gani? Kama huna majibu, kalamu haina kosa. Bado hujamtazama vya kutosha, na hilo linarekebishika kwa siku mbili ulizobakiwa nazo.

Mzee wa Krosi, kuanza na jema nakubaliana nawe. Ninachopinga ni alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alifanya jaribio kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi kazi iliyofuata. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidika kama wale, ingawa maoni walikuwa nayo. Mimi darasani naliona kila muhula: mtoto anatafuta namba, anamgeukia mwenzake, "wewe umepata ngapi?", na maandishi hayasomwi tena. Ukimwandikia "maamuzi 4", hiyo 4 ndiyo atakayolala nayo.

Na grupu la wazazi hapana kabisa. Udhaifu wa mtoto wa miaka 12 hauna sababu ya kuwafikia wazazi 21 wengine.

MzeeWaKrosi
La grupu nimekuelewa, mwalimu, sikulifikiria upande wa mtoto. Kwenye alama bado nashikilia. Mzazi anayelipa ada anataka kujua mwanawe amepanda au ameshuka. Maneno matupu kila kocha anaweza kuyatunga.

MamaPacha
Naomba nami niseme kama mzazi. Wanangu ni mapacha, wana miaka 13 na walikuwa kituo kimoja, sikitaji. Muhula uliopita mmoja aliandikiwa: "Ameshuka kiwango. Amekuwa mvivu na mzito. Abadilike." Baba yake aliposoma hiyo "mvivu" hakuuliza kitu, alimfungia viatu kabatini. Mtoto akakaa nyumbani wiki tatu. Nilipokaa naye akaniambia, "Mama, mimi nakimbia, ila miguu haiji." Suruali ya shule niliyomnunulia Januari, kufika Agosti ilikuwa juu ya vifundo. Na alikuwa akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, mimi nikadhani ni viatu.

Makocha, neno moja lenu likifika nyumbani linaweza kugeuka adhabu. Mwandike mkijua hilo.

KochaLikoni
Pole sana mama, na pole kwa kijana. Mimi niko Mombasa, nafundisha wasichana. Huku Kenya tuna mihula mitatu, kwa hiyo kadi hizi hunijia mara tatu kwa mwaka, na kosa hilo la kuita ukuaji uvivu nililifanya mwaka wangu wa kwanza.

Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakikaribia miaka 12, wavulana karibu na miaka 13 au 14. Mvulana aweza kuongeza sentimita tisa au kumi ndani ya mwaka mmoja. Miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, na kwa miezi kadhaa mtoto hana mizani aliyokuwa nayo. Anachelewa kugeuka, mguso wa kwanza unamtoroka, anajikwaa pasipo na kitu. Yale maumivu chini ya goti pia ni ya kawaida kwa watoto wanaokua huku wanacheza sana, maana msuli wa paja unavuta pale unaposhika mfupa. Akionyesha hapo kwa kidole, kocha apunguze kuruka na kupiga mashuti, na mama ampeleke kwa daktari atazamwe.

Siku hizi kila mwanzo wa muhula nawasimamisha ukutani na futi ya fundi cherehani, nawapima urefu. Msichana akiwa ameongeza sentimita tatu kwa muhula mmoja na uchezaji umeshuka, siandiki ameshuka. Naandika: "Umerefuka sana muhula huu na mwili wako unajifunza upya kugeuka. Hili hupita. Kwa sasa nataka hatua fupi fupi unapomkaribia mpira." Huo ni ukweli kamili, na bado umesema kwamba kugeuka ni tatizo.

Ila kipimo hicho kisiwe kisingizio cha kila kitu. Kuna anayerefuka, na pia harudi kukaba kwa sababu hataki tu.

MamaPacha
Asante dada Likoni. Kwa muda wote huo hakuna aliyetuambia hivyo. Nampeleka hospitali Jumatatu.

KochaWaJioni
Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Mzazi mmoja alirekodi kwa simu kipindi cha pili cha mechi yetu ya mwisho, nikamwomba video, nikakaa na daftari.

Namba 7 alipokea mpira mara 11. Mara nane alipokea kifua kikitazama mstari wa pembeni, na mara zote nane akaenda na mpira mstarini kwa mguu wa kulia. Mbili za kwanza alimpita beki kwa mbio tu, safi kabisa. Kuanzia ya tatu yule beki alikuwa ameshamsoma, anamsubiri mstarini. Kati ya sita zilizobaki akapoteza tano, na moja ikatoka nje tukapata mpira wa kurusha.

Sasa lililonishtua ni zile tatu nyingine, alipopokea mwili ukiwa umefunguka kuelekea katikati ya uwanja. Akatoa pasi mbili nzuri za ndani na shuti moja lililolenga goli. Muhula mzima nimekuwa nikimpigia kelele "amua mapema!" kumbe kuamua anajua. Anapougeukia mstari, njia anayoiona ni moja, basi anaichukua hiyo hiyo. Mtoto hakuwa na tatizo la maamuzi hata kidogo.

Nimeandika upya:

"Una kasi nzuri lakini mara 8 ulipokea mpira ukitazama mstari na ukapoteza mara 5. Fungua mwili, angalia bega kabla ya kupokea, tumia na mguu wa kushoto, na urudi kukaba beki wao anapopanda. Ukifanya haya utafika mbali."

MwalimuNyamagana
Unaona kadi ilivyokuwa inataka kumsingizia? Umefanya kazi kubwa. Sasa nikusomee kwa jicho la mtoto.

Kwanza hiyo "lakini". Kwa masikio ya mtoto, na ya mama yake, kila kilicho kabla ya "lakini" kinafutika. "Una kasi lakini" maana yake ni kasi yako si kitu. Eleza jema kama tukio lililotokea, weka nukta, kisha anza tatizo kwa sentensi yake. Na ukiweza, chanzo cha tatizo kitoke ndani ya lile jema. Beki alimsubiri mstarini kwa sababu alishaumizwa na kasi yake mara mbili. Hiyo ni heshima kwa mtoto, na ndiyo hali halisi ilivyokuwa.

Pili, umempa kazi nne: mwili, bega, mguu wa kushoto, kukaba. Hataibeba hata moja. Mwili na bega ni jambo moja, maana anatazama nyuma ndipo ajue mwili aufungulie wapi. Kaa na hilo. Mguu wa kushoto na kukaba viandike kwenye daftari lako, vitakuja na muhula wake.

Tatu, "ukapoteza mara 5". Fikiria baba kama huyo wa mapacha. Hesabu ya makosa ibaki kwako, ndiyo inayokulinda usiandike hisia. Kwenye kadi weka hesabu ya yale yaliyofanikiwa, hiyo mtoto atataka kuiongeza.

Na "utafika mbali" iondoe. Hujui kama atafika.

MzeeWaKrosi
Hapa mwalimu sikubali. Unasema tuwe wakweli, halafu hesabu ya makosa unaificha? Mtoto wa miaka 12 anacheza mechi, anajua mpira umepotea.

MwalimuNyamagana
Kaka, hoja yako ina uzito. Kosa lenyewe sifichi, litaandikwa wazi kwamba mpira ulipotea mara nyingi na kwa sababu gani. Namba kamili ningemwambia mtoto ana kwa ana, tukiitazama video pamoja, ambapo naweza kumjibu akiuliza. Karatasi haijibu. Lakini nawajua makocha wazuri wanaoandika namba zote mbili na watoto wao hawana shida. Inategemea unawafahamu wazazi kiasi gani.

Glovu1
Samahani, nami nina la kwangu. Kuna kipa hatutaendelea naye muhula ujao kwa sababu nafasi zimejaa. Ni maneno gani mazuri ya kuandika kwenye kadi ili asiumie?

KochaLikoni
Ndugu yangu, hilo ni jambo jingine. Kadi ya maendeleo isimpe mtoto habari ya kuachwa. Kaeni na mzazi na mtoto, uso kwa uso, kabla ya siku ya kadi. Kisha kadi yake iandike kama ya wenzake wote: alichokiweza, kinachomkwamisha, na cha kufanya, kwa sababu huenda akachezea timu nyingine wiki inayofuata na atakihitaji. Ukimjazia sifa kwa huruma, mtoto atauliza: kama mimi ni mzuri hivyo, mbona mmeniacha?

Glovu1
Nimeelewa. Nitamwita baba yake kesho. Kinachomkwamisha huyo kijana ni kona, habanduki kwenye mstari wa goli tangu alipogongwa taya. Nilikuwa nimemwandikia "mwoga". Nitaandika hilo la kona badala yake.

KochaLikoni
Vizuri. Na kwa kuwa unajua lilianza lini, liandike: "Tangu ulipoumia taya unabaki kwenye mstari kona zinapopigwa. Inaeleweka." Kisha mpe pa kuanzia, kwa mfano arushiwe mipira ya juu kwa mkono, pasipo mtu mbele yake, halafu aongezwe mchezaji mmoja asiyeruka.

KochaWaJioni
Wakuu, hii ni ya tatu. Nimemwandikia yeye mwenyewe, nimeacha ile ya "ana, anajituma" kana kwamba namsengenya kwa mama yake:

"Muhula huu umejifunza kumpita beki kwa kasi huku mpira ukiwa karibu na mguu. Mechi ya mwisho ulifanya hivyo mara mbili mwanzoni mwa kipindi cha pili. Baada ya hapo beki aliiogopa kasi yako, akaanza kukusubiri mstarini, na mpira ukapotea mara nyingi. Chanzo ni jinsi unavyopokea. Unakuwa umeugeukia mstari, kwa hiyo unaona njia moja tu. Mara tatu ulipokea kifua kikitazama katikati ya uwanja, na zote zilizaa kitu: pasi mbili za ndani na shuti moja. Muhula ujao tutafanyia kazi hilo tu. Kabla mpira haujakufikia, tupa jicho nyuma ya bega, kisha upokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Nyumbani, simama ubavu ukutani, gonga mpira, na mdogo wako asimame nyuma yako akionyesha vidole. Taja idadi ya vidole kabla hujagusa mpira. Fanya mara 20 kila upande."

Mdogo wake yupo kweli, huwa anamfuata mazoezini.

MwalimuNyamagana
Hiyo ni kadi. Ukiondoa jina, bado timu nzima itajua ni nani. Mimi hicho ndicho kipimo changu: kama unaweza kuibandika kwa mtoto mwingine, hujamaliza.

Nina swali moja. Haya ya kupokea umeshamwambia uwanjani? Mtoto asikutane na udhaifu wake kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, mbele ya mzazi. Tumia zoezi moja kati ya uliyobakiwa nayo kumwonyesha, ili akisoma aseme "hili kocha aliniambia".

MamaPacha
Na kocha, nyumba nyingine anayesoma kadi ni bibi, na wengine bibi hasomi, mtoto mwenyewe ndiye anamsomea. Hii hapa mtoto anaweza kuisoma kwa sauti bila kuruka mstari. Ile ya mwanangu aliiruka.

MzeeWaKrosi
Kadi nzuri, nakiri. Nauliza tu muda. Hiyo imekuchukua saa ngapi? Wako 22. Na wachelewaji na wasiohudhuria unawaandikaje? Mimi hao nawaandikia nidhamu mbovu.

KochaWaJioni
Karibu saa mbili pamoja na video. Kwa wote siwezi, mzee wangu. Naona njia ni daftari la muhula ujao, watoto watatu kila zoezi, mstari mmoja mmoja kila mtoto, ili mwisho wa muhula niwe na mistari ya kunukuu.

Kuchelewa sijui. Kijana wangu mmoja anachelewa kwa sababu anauza maji na mama yake kituo cha daladala hadi saa kumi na nusu. Siwezi kumwita hana nidhamu.

KochaLikoni
Mimi huandika idadi ya siku alizohudhuria, basi. Sababu sijui mpaka niulize.

MzeeWaKrosi
Kuna wasio na sababu yoyote, dada, na hao nao lazima waambiwe.

KochaWaJioni
Kuna jambo linaniuma zaidi ya hayo. Nimefika kwa Namba 15. Ni kiungo mkabaji, mkimya, hakosi zoezi. Nimefungua daftari lote na sina mstari hata mmoja juu yake. Nimefumba macho nimkumbuke akicheza, naona jezi tu. Nilikuwa nimemwandikia "ana nidhamu, aendelee".

MwalimuNyamagana
Kila mwalimu ana mtoto wa namba hiyo. Usimtungie. Zoezi la mwisho mwachie msaidizi wako filimbi, wewe simama pembeni umtazame yeye tu kwa dakika 20, hasa timu yake ikiwa haina mpira.

KochaWaJioni
Nimerudi kutoka uwanjani. Namba 7 nimemwonyesha lile la bega, kalifanya mara nne, moja kapita kwa ndani akacheka mwenyewe.

Namba 15 nimemtazama dakika 25. Kila beki wetu wa kulia anapopanda, huyu anahamia kwenye pengo lake, hajaambiwa na mtu. Nimehesabu mara sita. Mara mbili akazima shambulizi pale pale. Ndiyo maana muhula mzima sijaona hatari upande ule na sikujua kwa nini. Akishaupata mpira anaurudisha kwa kipa hata kama mbele kuna mtu yuko huru, hilo nalo nimeliona mara tano.

Baada ya zoezi nikamwita, nikamwuliza nani alimfundisha kuziba lile pengo. Akasema, "Hakuna, kocha. Nilidhani huoni." Naenda kuandika kadi yake sasa hivi.